Makato ya Asilimia 30 kwenye Posho ya Bodi: Nilivyouliza na Nilivyojibiwa

Mwishoni mwa Mei 2023 niliingiziwa benki shilingi 2,121,000 kutoka taasisi ya mikopo ambayo nilikuwa mjumbe wa bodi yake kwa mwaka wa tatu. Ujumbe wa benki uliingia kwenye simu nikiwa ndani ya daladala, nikitoka Mwenge kwenda Posta, na kabla hatujafika Morocco nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu mara mbili na kuona kwamba kiasi kile hakilingani na nilichotarajia. Robo mwaka ile tulikuwa tumekaa vikao vitatu, kimoja cha bodi nzima na viwili vya kamati, kila kikao kwa posho ya shilingi 400,000. Kila kikao kilikuwa pia na nauli ya shilingi 50,000, ambayo mjumbe hulipwa bila kuleta risiti. Juu ya hayo nilikuwa katika kamati maalumu ya kumtafuta mkurugenzi mtendaji mpya, kazi iliyochukua majuma sita, na bodi ilikuwa imeidhinisha honoraria ya shilingi 1,500,000 kwa kila mwanakamati. Mwisho kabisa, nilikuwa nimetumia fedha zangu shilingi 180,000 kwa nauli na nyumba ya wageni tulipokwenda kukagua tawi la Morogoro, na risiti zake nilikwisha kuzikabidhi.

Jumla yake ni shilingi 3,030,000, na makato yalikuwa shilingi 909,000, yaani asilimia 30 kamili ya kila kitu, zikiwemo shilingi 180,000 ambazo hazikuwa kipato bali fedha zangu mwenyewe zikinirudia. Robo zote zilizotangulia nilikuwa nikikatwa asilimia 15. Hakuna barua iliyokuwa imetumwa kutueleza mabadiliko, na hati ya malipo niliyoiomba siku iliyofuata ilikuwa na mstari mmoja tu ulioandikwa "Malipo ya wajumbe wa bodi", kisha "Kodi", kisha "Kinacholipwa".

Nataka kueleza kwa utulivu jinsi nilivyolifuatilia jambo hili, kwa sababu wajumbe wengi wa bodi ninaofahamiana nao hapa Dar es Salaam huyapokea makato kama yalivyo, ama kwa kuona aibu kuuliza habari za posho mbele ya watumishi wanaowasimamia, ama kwa kuamini kwamba mhasibu hawezi kukosea kiwango. Mimi pia nilisita. Mjumbe wa bodi anapouliza kuhusu fedha yake mwenyewe, swali hilo linaweza kusikika kama amri, na mtumishi anaweza kurudisha fedha kwa woga badala ya kurudisha kwa haki. Ndiyo maana sikumpigia simu mhasibu. Nilimwandikia katibu wa bodi, kwa sababu ndiye anayetunza maazimio yanayoruhusu malipo yetu, nikamwomba aipeleke barua kwa idara ya fedha na majibu yaje kwa maandishi.

Barua yangu haikudai kurudishiwa chochote. Niliomba kwanza malipo yangu yatenganishwe kwa aina zake, yaani posho ya vikao, nauli, honoraria na marejesho ya safari, na kila aina ionyeshwe kiasi kabla ya kodi, kiwango kilichotumika na kodi iliyokatwa. Niliomba nielezwe ni kwa msingi gani wa Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kiwango hicho kilichaguliwa. Kisha niliuliza kama kodi hiyo imekwisha kupelekwa TRA, imepelekwa kwa mwezi upi na kwa namba ipi ya mlipakodi, na nikaomba cheti cha zuio la kodi, yaani hati inayothibitisha kodi niliyokatwa, kwa robo hiyo na kwa robo zote zilizopita, kwa sababu nilipokuwa nikiandika ndipo nilipotambua kwamba tangu niingie kwenye bodi ile sikuwahi kupewa cheti hata kimoja.

Ombi hilo la mwisho ndilo lililozaa majibu mazuri kuliko yote, nami nitalirudia.

Baada ya siku tisa katibu alinialika ofisini. Nilimkuta na mhasibu, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, akiwa na majalada mawili mapajani.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, kisha bila kungoja akaongeza, "naomba nianze na hii asilimia 30, maana najua ndiyo iliyokusumbua."

"Marahaba, mwanangu. Anza nayo."

Alifungua kompyuta akanionyesha. Mwezi Aprili taasisi ilikuwa imehamia kwenye mfumo mpya wa mishahara, na wajumbe wote wa bodi wakaingizwa humo pamoja na watumishi. Mfumo ulipouliza aina ya ajira ya kila mtu, yeye alichagua "ajira ya pili" kwa kila mjumbe mwenye mwajiri mwingine. Mimi nafundisha katika chuo kikuu cha umma, kwa hiyo nikawekwa humo.

Hapa inafaa nieleze kwa nini ajira ya pili hukatwa asilimia 30 bila ngazi, kwa sababu kanuni yenyewe si ya uonevu. Mshahara wa mwezi hukatwa kodi kwa ngazi: shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi, kinachozidi hapo hadi 520,000 hukatwa asilimia 8, kisha asilimia 20, kisha 25, na kinachozidi 1,000,000 hukatwa asilimia 30. Ngazi hizo za chini ni nafuu anayopewa mtu mara moja kwa mwezi. Mwajiri wangu mkuu, ambaye ni chuo, amekwisha kunipa nafuu hiyo yote kwenye mshahara. Kama ningekuwa nafundisha pia kwa mkataba wa kazi katika chuo kingine jioni, mwajiri huyo wa pili asingeruhusiwa kunipa tena ngazi za chini, na angekata asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza. Mhasibu, kwa hiyo, hakuzua kanuni. Aliichukua kanuni ya kweli akaiweka kwa watu wasiohusika nayo.

Tena nilimwambia kwamba naelewa ni kwa nini aliteleza. Sheria yetu inapofafanua neno "ajira" haiishii kwa mtu mwenye mkataba wa kazi na dawati. Inaihesabu pia nafasi ya mtu anayeshiriki kuisimamia taasisi. Ukisoma ufafanuzi huo peke yake utaona mjumbe wa bodi naye ni mwajiriwa, na ukiona ni mwajiriwa mwenye mshahara kwingine, asilimia 30 itaonekana kuwa jibu la moja kwa moja. Lakini kuna kiwango kilichowekwa mahsusi kwa ajili yetu. Katika orodha ya viwango vya kodi ya zuio ambayo TRA huitoa kila mwaka kwenye muhtasari wake wa kodi na ushuru, umo mstari wa ada za wakurugenzi wasio wa muda wote, na kiwango chake ni asilimia 15. Mjumbe anayekuja kwenye vikao vinne au kumi kwa mwaka na kurudi kwenye shughuli zake ndiye anayekusudiwa hapo. Mhasibu alikuwa ameuchapa mstari huo na kuupigia wino wa njano kabla sijafika. Alikuwa amekwisha kulitambua kosa lake kutokana na swali la "kwa msingi gani", kwa maana alipokwenda kuutafuta msingi wa kuniandikia hakuupata.

Hapo tukawa tumekubaliana juu ya kiwango. Yaliyobaki yalikuwa magumu zaidi, na mawili kati ya hayo nilishindwa kwa haki.

La kwanza lilikuwa honoraria. Mimi niliingia ofisini mle nikiamini kwamba honoraria haikatwi kodi kabisa, kwa sababu chuoni kwetu ndivyo ilivyo: tukilipwa honoraria kwa kusahihisha mitihani au kwa kukaa kwenye kamati, tunaipokea nzima. Imani hiyo ina msingi katika kifungu cha 7 cha sheria ile ile, ambacho kinaondoa kwenye hesabu ya kipato cha ajira posho kadhaa, zikiwemo za nyumba, usafiri, madaraka, kazi za ziada, mazingira magumu, pamoja na honoraria. Lakini sentensi hiyo haiishii hapo, na wengi wetu tumezoea kuisoma nusu. Inasema malipo hayo ni yale anayolipwa mtumishi wa Serikali, au wa taasisi yake ambayo bajeti yake hutoka yote au kwa sehemu kubwa kwenye ruzuku ya Serikali.

Nilimwambia mhasibu kwamba mimi ni mtumishi wa taasisi ya namna hiyo, kwa hiyo nimo. Katibu ndiye aliyenijibu, kwa upole.

"Mwalimu, ni kweli wewe ni mtumishi wa umma, lakini hapa hujaja kwa utumishi wako. Chuo hakikukuleta, na sisi hatupati ruzuku hata senti. Tumekulipa kwa kuwa ni mjumbe wa bodi yetu. Kama ingekuwa msamaha unamfuata mtu popote aendapo, basi mtumishi wa Serikali angefanya kazi kampuni yoyote, akaiita fedha yake honoraria, na asikatwe kitu."

Nilifikiri nikaona hoja yake ina nguvu kuliko yangu. Msamaha ule unahusu malipo yanayotokana na ajira ya Serikali na taasisi zake, na hauwezi kutumika kwa kila fedha inayomfikia mtumishi kutoka popote. Jina la malipo halikunisaidia. Fedha ile ilitoka kwenye kamati ya bodi, niliipata kwa sababu ya ujumbe wangu, kwa hiyo inaambatana na ada za ujumbe na inakatwa asilimia 15 kama posho ya kikao. Jambo hili nimelieleza baadaye kwa wenzangu watatu wa chuoni walio kwenye bodi za kampuni, na wote watatu walikuwa wakiamini kama nilivyoamini.

Mjumbe mwenzetu ambaye ni wakili alijaribu njia nyingine katika siku hizo hizo. Yeye alisema mchango wake kwenye kamati ni huduma ya kitaalamu, na huduma za kitaalamu za mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 tu. Alijibiwa kwamba kwenye kamati alikaa kama mjumbe, na ushauri wa kisheria alioutoa humo ndio ujumbe wenyewe. Lakini ofisi yake ilikuwa imeandaa mkataba wa ajira wa mkurugenzi mpya, kwa makubaliano ya pembeni na kwa ankara yake yenyewe, na malipo hayo yakakatwa asilimia 5 kama ilivyostahili. Mtu ni yule yule, mwezi ni ule ule, na viwango ni viwili, kwa sababu alilipwa kwa nafasi mbili tofauti.

La pili nililoshindwa ni nauli. Nilidhani shilingi 50,000 za kila kikao haziguswi kwa sababu zinafidia gharama ya kufika. Mhasibu aliniuliza natoka wapi kuja kwenye vikao, nikamwambia natoka nyumbani Sinza, na wakati mwingine kwa daladala. Aliniuliza tena kama mjumbe anayeishi hatua chache kutoka ofisini halipwi nauli hiyo. Analipwa. Basi hiyo ni posho, maana kila mtu anaipata kwa kiwango kimoja, awe ametumia au hajatumia. Sheria huiacha fedha ambayo ni marejesho halisi ya gharama iliyotumika kikamilifu kwa ajili ya kazi, na marejesho hujulikana kwa risiti inayolingana na kiasi kilicholipwa. Kwa kipimo hicho hicho alikubali kwamba shilingi 180,000 za Morogoro hazikupaswa kukatwa hata kidogo: risiti ya EFD ya nyumba ya wageni na tiketi mbili za basi zilikuwa zimebanwa nyuma ya hati ya malipo, na jumla yake ilifika shilingi ile ile.

Tuliandika hesabu mpya kwenye karatasi moja, nayo ninayo hadi leo. Vikao vitatu, shilingi 1,200,000, nauli, 150,000, honoraria, 1,500,000. Hizo tatu zinafanya 2,850,000, na asilimia 15 yake ni shilingi 427,500. Marejesho ya Morogoro 180,000 yanaongezwa bila kodi. Nilichopaswa kupokea ni shilingi 2,602,500, na nilikuwa nimepokea 2,121,000, kwa hiyo nilikuwa nimepunjwa shilingi 481,500.

Swali la fedha hiyo iko wapi lilikuwa na jibu la tarehe. Kodi inayozuiwa kwenye malipo ya mwezi hupelekwa TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, na barua yangu ilikuwa imefika tarehe 8 Juni. Fedha ilikuwa imekwenda siku moja kabla, ikiwa ndani ya jumla ya kodi ya mishahara ya taasisi nzima. Lau ningeandika siku ile ile niliyopata ujumbe wa benki, badala ya kukaa na kusitasita kwa juma zima, mhasibu angeweza kurekebisha hesabu kabla ya kulipa. Hilo nililijutia, kwa sababu lilimwongezea yeye kazi: ilibidi taasisi irekebishe ritani yake ya mwezi ule, iondoe majina ya wajumbe kwenye kodi ya mishahara na kuyaweka kwenye kodi ya zuio kwa kiwango chake. Mimi na wenzangu tuliongezewa tofauti zetu kwenye malipo ya robo iliyofuata. Sikutaka nilipwe peke yangu, na nilimwomba katibu aandike kwamba marekebisho ni ya wajumbe wote walioingizwa kwenye ajira ya pili, wakiwemo wawili ambao hawakuwa wameuliza.

Sasa nirudi kwenye vyeti. Mhasibu alipotaka kuniandalia vyeti vya miaka miwili iliyopita alikuta kwamba katika orodha zilizopelekwa TRA, nafasi ya TIN, ile namba ya mlipakodi, mbele ya jina langu ilikuwa wazi. Kodi ilikatwa kwa kiwango sahihi, ikalipwa kwa wakati, lakini ilipelekwa kama jumla ya "wajumbe wa bodi", na hakuna mahali popote palipoonyesha kwamba sehemu yake ni yangu. Kwa miaka miwili nilikuwa nimekatwa kodi ambayo nisingeweza kuthibitisha kuilipa kama afisa wa kodi angeniuliza habari za kipato kile. Kwangu mimi hilo lilikuwa kubwa kuliko zile shilingi 481,500, ambazo ningeweza kuziona na kuzidai siku yoyote. Hata hivyo sehemu ya kosa ilikuwa yangu, kwa maana fomu niliyojaza siku ya kuteuliwa ilikuwa na nafasi ya TIN nami niliiacha, nikijiambia kwamba nitaileta baadaye. Niliandika namba yangu pale pale, orodha zikarekebishwa, na vyeti vya robo zote vikanifikia mwezi Agosti, kila kimoja kikiwa na kiasi kabla ya kodi, kiwango, kodi na mwezi iliyolipwa.

Kulibaki jambo moja ambalo barua yangu haikuliuliza, lakini liliibuka tulipofungua azimio la mkutano mkuu wa wanahisa lililopanga posho zetu. Liliandikwa: "shilingi 400,000 kwa kikao". Halikusema kama ni kabla ya kodi au baada ya kodi. Katika kikao cha Septemba mjumbe mmoja alisema yeye siku zote ameelewa kwamba 400,000 ni ya kumfikia mkononi. Mhasibu alimwonyesha maana yake: ili mtu abaki na 400,000 baada ya asilimia 15, taasisi lazima iandike posho ya shilingi 470,588 na kulipa kodi ya 70,588, wala haiwezi kuchukua 60,000 juu ya 400,000 na kusema imemaliza, kwa sababu kodi huhesabiwa juu ya kiasi kizima, ikiwemo ile kodi ambayo taasisi inamlipia mjumbe. Kwa vikao vyote vya mwaka, kwa wajumbe saba, hilo ni ongezeko ambalo wanahisa hawakuwahi kuliidhinisha.

Wengine walitaka suala hilo liishe kwa maelewano ya bodi yenyewe. Mimi nilipinga, na ninaamini nilikuwa sahihi, kwa kuwa bodi haiwezi kujitafsiria azimio la wanahisa kwa namna inayoiongezea posho. Tuliendelea kulipwa 400,000 ikikatwa 60,000, na suala likapelekwa mkutano mkuu uliofuata, ambako wanahisa waliongeza maneno matatu tu mbele ya kiasi kile: "kabla ya kodi". Kuanzia robo hiyo hati ya malipo ya kila mjumbe ina mistari minne badala ya mmoja, TIN imeandikwa chini ya jina, na cheti cha zuio huja na hati hiyo kwenye bahasha moja.